Chila ya paani inafukuza wateja: namna ya kumwandikia meneja wa jengo barua itakayofanyiwa kazi

Barua nyingi za wapangaji kuhusu kelele husema hivi: mashine yenu inatusumbua, wateja wanakimbia, tafadhali chukueni hatua. Meneja huisoma, humpa fundi, na fundi hupanda paani asubuhi wakati jua bado halijakolea. Anakuta mashine inanguruma kama mashine zote, anarudi na neno moja, "Iko sawa." Faili linafungwa, na barua ya pili haitapata hata fundi wa kupanda.

Kosa la barua hiyo si ukali wala upole. Haikumwambia fundi apande saa ngapi, asikilize kitu gani, wala azime nini ili ajue chanzo. Hayo ndiyo tutakayoshughulika nayo hapa, kwa mfano mmoja wa duka la vitenge na magauni ya harusi lililo ghorofa ya 3, chini ya paa, kwenye jengo la biashara Ngamiani, Tanga. Ghorofa za chini zina ofisi, na viyoyozi vyake vyote vinategemea chila iliyo juu ya duka hilo. Mashine ilikuwepo tangu mpangaji anaingia. Kelele imeanza katikati ya Januari, siku chache baada ya mafundi kuonekana wakipandisha vifaa.

Kwanza jua unalalamikia nini

Chila hupoza maji, na maji hayo husukumwa kwenye mabomba hadi kwenye vyumba vinavyohitaji ubaridi. Kwenye mfumo wake mna vitu vitatu vinavyopiga kelele, na kila kimoja kina sauti yake. Feni za kutolea joto hutoa mvumo kama wa upepo. Kompresa hunguruma, na zile za skrubu hupiga pia mluzi usiobadilika. Pampu za maji, ambazo mara nyingi husimama pembeni kwenye msingi wake, hutoa mvumo mzito wa chini unaosikika zaidi kifuani kuliko masikioni.

Muhimu kuliko aina ya sauti ni njia inayopita kufika dukani. Kuna kelele ya hewani, inayotoka paani na kuingia dirishani. Na kuna kelele inayopita ndani ya jengo lenyewe: mashine inatetemesha zege, zege linatetemesha kuta na dari yako, na dari inageuka spika. Tiba zake ni tofauti kabisa, kwa hiyo ukikosea hapa utaomba kitu kisichosaidia.

Kipimo chake ni rahisi. Mashine ikiwa inanguruma, funga mlango na madirisha yote, sikiliza, kisha fungua dirisha moja. Sauti ikipanda sana, sehemu kubwa inapita hewani. Isipobadilika, au ukasikia kelele za mtaa tu zikiongezeka, basi inapita kwenye zege. Halafu weka kiganja kwenye nguzo, kwenye ukuta na kwenye bomba lolote linaloshuka kutoka paani. Weka bilauri ya maji kwenye rafu ya kioo uangalie kama uso wa maji unacheza. Tembea kutoka katikati ya duka hadi kwenye kona: mvumo mzito kwa kawaida huzidi kwenye kona na kufifia katikati. Duka la mfano wetu lilikuta dirisha halibadilishi kitu, bomba karibu na chumba cha kujaribia nguo linatetemeka mkononi, na vioo vya rafu vinagongana taratibu. Hiyo ni kelele ya zege, na dalili zote zinaelekea kwenye bomba na pampu.

Usipande paani mwenyewe kuhakikisha. Kuna feni zinazojiwasha bila taarifa na umeme mkubwa, na mikataba mingi ya pango haikuruhusu kufika huko. Ukikutwa huko, mazungumzo yatahama kutoka kwenye kelele yao kwenda kwenye kosa lako.

Daftari la siku kumi

Kabla ya kuandika, weka daftari kwa siku 10 za kazi. Kila mara kelele inapoanza na inapokoma, andika tarehe, saa, sauti ilivyokuwa na kilichotokea dukani. Andika alichofanya mteja, si hasira yako: "Mama na binti yake walikuwa chumba cha kujaribia, wakatoka kabla ya gauni la pili, wakasema kichwa kinawagonga." Usiandike majina ya wateja.

Hapa kuna mtego wa saa. Sisi tunasema saa 7 mchana, mashine ya risiti inaandika 13:00, na msimamizi wa jengo naye huenda ana kitabu cha paani kinachofuata saa za mashine. Chagua mtindo mmoja, na kwenye barua andika zote mbili kila mara: saa 7 mchana (13:00). Daftari lililochanganya saa linaweza kuonyesha kwamba ulilalamika wakati mashine ilikuwa imezimwa.

Siku 10 hizo ziwe za msimu wa joto. Tanga, tangu Desemba hadi Machi kaskazi inapovuma, chila hufanya kazi kwa muda mrefu na kwa nguvu. Ukisubiri hadi Julai, mashine inapumzika mara kwa mara, na mkaguzi atasimama dukani kwako dakika ishirini bila kusikia kitu.

Mizani ya kuwasha na kuzima

Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, na karibu hakuna mpangaji anayeukusanya. Mwombe msimamizi wa jengo, kwa maneno mazuri, akuambie siku ambayo mashine itazimwa na kuwashwa tena, au akuzimie kwa dakika kumi kabla ofisi hazijafunguliwa. Akiwepo mwenyewe dukani, ni bora zaidi, maana atakuwa shahidi.

Tumia programu ya simu ya kupima desibeli. Simama mahali pamoja, mita moja au zaidi kutoka ukutani, simu ikiwa usawa wa kifua. Zima feni ya dari, friji na redio, funga mlango na madirisha. Soma wastani wa dakika moja, ambao kwenye programu nyingi huandikwa Avg au Leq, si namba ya juu kabisa iliyoruka mlango ulipogongwa. Pima mara tatu mashine ikiwa imewashwa na mara tatu ikiwa imezimwa.

Duka letu lilipata 61, 62 na 61 mashine ikiwaka, na 44, 45 na 44 ikiwa imezimwa. Tofauti ni desibeli 17. Kwa sikio la binadamu, nyongeza ya desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi, kwa hiyo 17 ni zaidi ya mara tatu. Na 60 ni karibu na sauti ya mtu anayezungumza nawe kwa umbali wa mita moja. Yaani muuzaji na mteja wanapopatana bei, kuna mtu wa tatu asiyeonekana anayezungumza bila kunyamaza.

Simu si kifaa cha mahakamani. Maikrofoni yake hupunguza sauti nzito za chini, ambazo ndizo hasa za pampu na kompresa, kwa hiyo namba yenyewe inaweza kuwa ndogo kuliko hali halisi. Ila tofauti kati ya kuwasha na kuzima, kwa simu ileile na mahali palepale, inaaminika kuliko namba moja ikisimama peke yake. Barua itaje zote mbili na iseme wazi kwamba ni kipimo cha simu. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 3, usiitaje kabisa, kwa sababu kipimo hakijaweza kuitenga mashine na kelele nyingine. Katika hali hiyo tegemea mtetemo na daftari.

Kukatika kwa umeme si mbadala wa jaribio hili. Umeme ukikatika, kila kitu kinanyamaza, hata friji yako na ya jirani, kisha jenereta inaanza. Hutajua kimya kilitokana na nini.

Hasara ya wateja, bila kuitia chumvi

Wengi huandika "mauzo yameshuka kwa nusu" wakilinganisha Januari na Desemba. Meneja yeyote anayejua biashara atacheka. Desemba ina sikukuu na harusi, Januari ina ada za shule, na mwezi wa Ramadhani nao una mwendo wake. Kushuka huko hakuthibitishi chochote juu ya chila.

Linganisha ndani ya siku moja. Risiti za mashine zina saa, na ripoti ya Z ina jumla ya siku. Chukua siku za Jumanne hadi Alhamisi, hesabu risiti (si fedha, kwa sababu gauni moja la harusi linaharibu wastani), kisha zigawe mafungu mawili: kabla ya saa 5 asubuhi, chila inapokuwa bado haijashika kasi, na baada ya hapo hadi saa 10 jioni. Duka la mfano lilikuwa na wastani wa risiti 9 asubuhi na 14 mchana kwenye majuma manne ya Oktoba na Novemba. Baada ya kelele kuanza, asubuhi zimebaki 8, mchana zimeshuka hadi 6. Kama ukata wa Januari ndio ungekuwa chanzo, asubuhi nayo ingeporomoka. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko.

Unaomba nini hasa

Usiombe mashine iondolewe. Haitaondolewa, na ombi lisilowezekana humpa meneja sababu ya kutojibu yale yanayowezekana. Usiombe pia ukuta wa kuizunguka. Chila inayopozwa kwa hewa inahitaji nafasi ya kuvuta na kutoa hewa. Ukiizingira ovyo inavuta joto lake yenyewe, inafanya kazi zaidi, na mwishowe inajizima. Dari mpya yenye sponji dukani nayo hupunguza mwangwi tu, lakini mvumo mzito unaopita kwenye zege unaipita kama haipo.

Omba jaribio la hatua kwa hatua, ambalo fundi yeyote wa chila anaweza kulifanya kwa saa moja. Kwanza iwashwe pampu peke yake, kompresa na feni zikiwa kimya. Kisha, kama kuna pampu mbili (na mara nyingi zipo, moja ya kazi na moja ya akiba), ibadilishwe iwashwe ya pili. Halafu mfumo wote uwashwe kama kawaida. Kila hatua mtu mmoja awe dukani na simu mkononi. Mvumo ukija na pampu ya kwanza na kutoweka kwa ya pili, tatizo liko kwenye pampu ya kwanza: beringi zimechakaa, shafti ya mota na ya pampu hazijanyooka pamoja, au msingi wake umelegea. Tena hapo dawa ya muda imepatikana palepale, yaani kutumia pampu ya akiba hadi ile itengenezwe. Mvumo ukibaki kwa pampu zote mbili, tazameni mabomba.

Kisha omba vitu vitatu vikaguliwe kwa macho. Springi au mipira iliyo chini ya mashine na pampu: kwa hewa ya chumvi ya Tanga springi hushika kutu, na springi ambayo mizunguko yake imegusana haizuii tena mtetemo, ni kama chuma kilichokaa juu ya zege. Baada ya kubadilisha kifaa, pia hutokea bolti za kushikilia wakati wa usafirishaji zikasahauliwa bila kutolewa, na springi mpya ikabaki imefungwa. Cha pili ni viungo laini vya mpira kati ya pampu na bomba. Cha tatu, na hiki husahauliwa sana, ni tundu ambalo bomba linapita kwenye zege: likizibwa kwa saruji likabana bomba, mtetemo unazunguka springi zote na kushuka moja kwa moja kwako. Tundu hilo linatakiwa liwe na nafasi iliyojazwa kitu laini.

Usiandike kwamba hayo ndiyo makosa. Andika kwamba yaangaliwe. Wewe unajua unachokisikia, sababu ataisema fundi.

Kabla ya kuandika, soma mkataba

Tafuta nani anatajwa kupokea taarifa, kwa njia gani, na anapewa siku ngapi. Barua ikienda kwa mlinzi au msimamizi wa usafi wakati mkataba unasema wakala wa mwenye jengo, kisheria inaweza kuhesabika kama haijafika. Angalia pia kifungu cha matumizi ya pango kwa utulivu. Hata kisipoandikwa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake haki ya kutumia eneo lake bila kubughudhiwa na mpangishaji. Kwa upande wa kelele na mitetemo kuna kanuni za viwango za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwenye barua ya kwanza sentensi moja juu ya haki inatosha. Ukijaza vifungu, barua itapelekwa kwa wakili badala ya fundi, nawe unamtaka fundi.

Endelea kulipa kodi yote kwa wakati. Ukizuia kodi kwa sababu ya kelele, unakuwa wewe uliyevunja mkataba kwanza.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, au mmoja na nusu. Jambo moja tu: choo kibovu na taka za ngazini ziandikiwe barua yake.

S.L.P. ........,
Tanga.
17 Februari ........

Meneja wa Jengo,
[jina la kampuni au wakala kama lilivyo kwenye mkataba],
S.L.P. ........,
Tanga.

YAH: KELELE NA MTETEMO WA CHILA YA PAANI KWENYE DUKA NA. 304, GHOROFA YA 3

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wa duka tajwa. Tangu tarehe 14 Januari, mvumo mzito na mtetemo kutoka kwenye chila ya paani umekuwa ukiingia dukani kila siku ya kazi, hasa kuanzia saa 5 asubuhi (11:00) hadi saa 10 jioni (16:00). Kabla ya tarehe hiyo mashine ilikuwepo na haikunisumbua.

Mvumo haubadiliki dirisha likifunguliwa au kufungwa. Bomba linaloshuka karibu na chumba cha kujaribia nguo linatetemeka likiguswa, na vioo vya rafu vinagongana. Tarehe 11 Februari, msimamizi wa jengo akiwepo, nilipima kwa simu: wastani wa desibeli 61 mashine ikiwa imewashwa na 44 ikiwa imezimwa.

Wateja wanaondoka kabla ya kumaliza kujaribu nguo. Kwa siku za Jumanne hadi Alhamisi, wastani wa risiti za mchana umeshuka kutoka 14 hadi 6, wakati za asubuhi, mashine ikiwa bado haijashika kasi, zimetoka 9 hadi 8. Nakala ya daftari la siku 10 na muhtasari wa risiti vimeambatishwa.

Kwa heshima naomba yafuatayo:

1. Fundi wa chila afike dukani kati ya saa 6 mchana (12:00) na saa 9 alasiri (15:00), kabla ya tarehe 3 Machi, nami niwepo.
2. Afanye jaribio la kuwasha pampu peke yake, kisha pampu ya akiba, kisha mfumo wote, na akague springi, viungo laini vya mabomba na tundu la bomba kwenye zege.
3. Nipewe majibu yake kwa maandishi, pamoja na tarehe ya matengenezo isiyozidi 19 Machi.
4. Kama pampu ya akiba itaonekana tulivu, itumike hiyo wakati matengenezo yakisubiriwa.

Nimelipa kodi yangu yote hadi sasa na nitaendelea kulipa. Naandika haya bila kuathiri haki zangu chini ya mkataba na sheria, ikiwemo haki ya kutumia duka kwa utulivu.

Natanguliza shukrani.

[Saini, jina, namba ya simu]

Nakala: Mwenye jengo.

Kuipeleka na kuifuatilia

Chapa nakala mbili. Peleka kwa mkono, na kwenye nakala yako mpokeaji aandike jina, tarehe, saini na agonge muhuri. Akikataa kusaini, andika mwenyewe tarehe na saa uliyoiacha pamoja na jina la uliyefuatana naye, kisha tuma picha ya barua kwa barua pepe au namba ya simu iliyo kwenye mkataba siku hiyohiyo.

Kimya kikipita tarehe 3 Machi, andika kumbukumbu fupi ya sentensi tatu ukiambatisha barua ya kwanza. Usirudie hoja zote. Tarehe ya 19 nayo ikipita, una njia mbili tofauti. Kelele yenyewe inapelekwa kwa afisa mazingira au afisa afya wa Halmashauri ya Jiji la Tanga, au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Omba wapime kwa kifaa chao, na uwatajie saa mashine inapokuwa na kasi, la sivyo watapima kimya. Mgogoro wa pango, kama unataka kupunguziwa kodi au kulipwa hasara, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo mtafute wakili kwanza.

Fundi akija na kutengeneza, usisaini karatasi ya kwamba kazi imekamilika papo hapo asubuhi. Mwambie utasaini baada ya mashine kufanya kazi mchana wa joto. Simama mahali palepale ulipopimia, feni ya dari ikiwa imezimwa, kwa simu ileile, na uweke kiganja kwenye bomba lilelile. Ikiwa 61 imekuwa 58 tu na bomba bado linacheza, mashine imekazwa bolti, haijatengenezwa. Ikishuka karibu na 50 na vioo vya rafu vimetulia, saini, kisha endelea na daftari kwa majuma mawili, kwa sababu springi iliyofungwa vibaya huanza tena polepole.